Sifuri Mbili: Sumaku Iliyojificha Ndani ya Waya wa Dishi

Kijana anayejifunza ufundi umeme hukutana na kituko hiki mapema kabisa. Birika la umeme limewashwa, maji yameanza kunguruma, naye anataka kujua linavuta ampea ngapi. Anachukua klampu mita, ile mita yenye midomo inayofunguka kama koleo, anaubana waya wa birika na kusoma kioo. Sifuri. Anafungua, anabana tena. Sifuri. Maji yanachemka, mita inasema hakuna umeme unaopita.

"Fundi, mita imekufa," anasema.

"Haijafa, kijana. Umebana nyaya zote mbili," fundi anamjibu. "Mmoja unapeleka, mwingine unarudisha. Ulitaka ikusomee nini?"

Anampeleka kwenye ubao wa umeme, mahali ambapo waya wa moto na nyutro zimeachana, anabana waya wa moto peke yake. Kioo kinaonyesha ampea 10.

Mafundi wengi huishia hapo, na kwa kazi yao inatosha. Lakini sifuri ile ina ndugu yake anayefanana naye sana: sifuri ya waya wa dishi. Weka dira juu ya waya unaotoka kwenye king'amuzi kwenda kwenye dishi, na mshale hautatikisika, ingawa ndani ya waya huo kuna mahali ambapo sumaku inaizidi ile ya dunia kwa zaidi ya mara mbili. Sifuri hizi mbili zinatokana na sheria moja, ila hazina maana moja. Anayeijua tofauti yake ameielewa sheria yenyewe.

Sisimizi anayezunguka waya

Mwaka 1820, huko Copenhagen, Hans Christian Ørsted aliona mshale wa dira ukigeuka kando ya waya wenye umeme. Habari ilipofika Paris mwaka huohuo, André-Marie Ampère aliishikia kazi kwa wiki kadhaa mfululizo. Miongoni mwa aliyoonyesha ni kwamba waya ukikunjwa na kurudishwa sambamba na wenyewe, nguvu yake ya sumaku inakaribia kutoweka. Hiyo ndiyo sifuri ya kijana wetu, miaka mia mbili kabla yake. Hesabu ya kuzunguka waya, tunayoitumia leo kwa jina la sheria ya Ampère, iliandikwa vizuri baadaye na James Clerk Maxwell.

Sheria yenyewe inaeleweka kwa kumfuata sisimizi. Mwazie anatembea kuuzunguka waya, akiwa na kifaa kidogo cha kupimia sumaku. Kila hatua anapima sehemu ya uga wa sumaku inayoelekea anakokwenda, anaizidisha kwa urefu wa hatua, anaandika. Uga ukimsukuma mgongoni anajumlisha. Ukimpinga usoni anatoa. Akirudi pale alipoanzia, anafunga daftari na kupiga jumla. Jumla hiyo ndiyo huitwa mzunguko wa uga, na daima inalingana na mkondo wa umeme unaopenya ndani ya njia aliyoizunguka, ukizidishwa kwa namba moja isiyobadilika, iitwayo μ0.

Apite duara, apite pembe nne, apite njia ya mlevi, jumla haibadiliki mradi amezunguka mkondo uleule. Ndiyo maana klampu mita haijali waya umekaa katikati ya midomo yake au umeegemea upande. Na mkondo ulio nje ya njia yake haumwongezei kitu: utamsaidia kwenye hatua fulani na kumpinga kwenye nyingine, mpaka faida na hasara zifutane.

Hapo kuna ugumu. Daftari la sisimizi linatupa jumla ya safari nzima, wakati sisi tunataka kujua uga wa mahali pamoja. Jumla ya matumizi ya mwezi haikwambii ulitumia kiasi gani Jumanne, isipokuwa kama una uhakika kwamba kila siku ulitumia sawasawa. Uhakika wa namna hiyo, kwenye waya, unatokana na umbo lake.

Chukua waya mnyoofu, mrefu, wa duara. Mtu akikwambia ufumbe macho, kisha akauzungusha kwenye mhimili wake kama mpini wa jembe, ukifumbua hutajua kama umeguswa. Basi na uga wake hauna sababu ya kuwa mkali upande mmoja na dhaifu upande mwingine. Kwenye duara lolote lenye kitovu katikati ya waya, uga una nguvu ileile pote, nao hufuata mzingo wa duara hilo. Elekeza dole gumba la mkono wa kulia mkondo unakoelekea, na vidole vinavyokunjika vitakuonyesha uga unazunguka upande gani.

Sasa jumla ya sisimizi inakuwa kuzidisha kwa kawaida: uga mara mzingo wa duara.

B × 2πr = μ0 × I

B ni uga, r ni umbali kutoka katikati ya waya, na I ni mkondo uliozungukwa. Tukiweka thamani ya μ0, tukapima umbali kwa milimita na uga kwa mikrotesla, tunapata kanuni ambayo mtu anaweza kuitembeza kichwani:

B = 200 × I ÷ r

Kwa kulinganisha, uga wa sumaku wa dunia katika eneo letu la Afrika Mashariki ni kama mikrotesla 33.

Waya mnene: kupanda, kisha kushuka

Kanuni hiyo inafanya kazi nje ya waya. Je, ndani ya shaba yenyewe? Tuchukue waya mnene tunaoufahamu, ule unaotoka kwenye betri ya gari kwenda kwenye stata. Tuseme shaba yake ina unene wa milimita 6, yaani nusu kipenyo cha milimita 3, na gari linapowashwa stata inavuta ampea 150 kwa muda mfupi.

Kwenye uso wa shaba, sisimizi anazunguka mkondo wote. Uga ni 200 × 150 ÷ 3, sawa na mikrotesla 10,000. Hiyo ni sumaku ya dunia mara mia tatu. Milimita 6 kutoka katikati, umbali umekuwa maradufu, uga umekuwa nusu: 5,000. Sentimita 3 kutoka katikati, umebaki 1,000.

Sasa mwingize sisimizi ndani ya shaba, azunguke kwenye duara la milimita 1.5, nusu ya njia kutoka katikati hadi ukingoni. Wengi wangedhani anazunguka nusu ya mkondo. Sivyo. Kata chapati kwa kikombe chenye upana wa nusu ya chapati hiyo. Utakachotoa ni robo ya chapati, kwa sababu eneo linafuata kipeo cha pili cha nusu kipenyo. Umeme ukiwa umesambaa sawasawa ndani ya shaba, duara la sisimizi linabeba robo tu ya mkondo: ampea 37.5. Kanuni ileile inatupa 200 × 37.5 ÷ 1.5, yaani mikrotesla 5,000.

Mkondo umepungua hadi robo, njia imepungua hadi nusu, kwa hiyo uga umepungua hadi nusu. Ukienda hivyo mpaka katikati kabisa, uga ni sifuri. Mkondo ulio kwenye tabaka za nje za shaba upo, tena mwingi, lakini sisimizi hakuuzunguka, kwa hiyo michango yake imefutana yenyewe kwa yenyewe.

Kwa hiyo uga wa waya mnene huanza na sifuri katikati, hupanda kwa mstari ulionyooka hadi kwenye uso wa shaba, ndipo huanza kushuka, kwanza kwa kasi, halafu taratibu. Mahali penye sumaku kali kuliko pote ni kwenye ngozi ya waya. Na mtu aliye nje hawezi kujua, kwa kupima uga, kama waya ni mnene au mwembamba: mikondo ikilingana, mwembamba kama uzi na mnene kama kidole vitampa jibu moja kwenye umbali mmoja kutoka katikati.

Tusiinyooshe hesabu hii kupita kiasi, hata hivyo. Waya wa betri si mrefu, na mkondo wake hurudi kupitia bodi ya gari. Karibu na waya, namba zetu ni nzuri. Ukisogea umbali unaokaribia urefu wa waya wenyewe, hadithi ya duara kamilifu imekwisha.

Ndani ya waya wa dishi

Waya wa dishi una tabaka nne. Katikati kuna kiini cha chuma kimoja kigumu, chenye unene wa kama milimita 1. Kinafuatiwa na plastiki nyeupe ya povu, kisha ganda la foili na wavu wa nyuzi, halafu plastiki ya nje. Kiini na ganda vina mhimili mmoja. Mpangilio huu Oliver Heaviside alipewa hataza yake Uingereza mwaka 1880, alipokuwa akitafuta namna ya kuzuia nyaya jirani zisiingiliane.

Watu wengi hudhani waya huu hupeleka picha tu kutoka kwenye dishi. Kumbe king'amuzi nacho hupandisha umeme wa moja kwa moja kwenda juu, wa volti 13 au 18, kukilisha kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi. Tuseme kichwa hicho kinavuta ampea 0.2. Mkondo unapanda kupitia kiini na kurudi kupitia ganda. Tumpeleke sisimizi, kutoka katikati kwenda nje.

Ndani ya kiini, mambo ni kama kwenye waya wa betri: uga unapanda kutoka sifuri. Kwenye uso wa kiini, milimita 0.5 kutoka katikati, ni 200 × 0.2 ÷ 0.5, sawa na mikrotesla 80. Hapa ndipo sumaku ya dunia inapozidiwa zaidi ya maradufu, na kichwa cha dishi kinakula chini ya wati nne tu.

Kwenye povu jeupe, sisimizi anazunguka kiini kizima na hajaligusa ganda, kwa hiyo uga unashuka kwa kanuni ya kawaida. Akifika milimita 2.3, mahali povu linapokutana na ganda, umebaki mikrotesla 17 na kidogo.

Ndani ya unene wa ganda, mambo yanageuka. Tuseme ganda linaanzia milimita 2.3 na kuishia 2.5. Kila hatua anayosogea nje, sisimizi anazunguka kiini pamoja na sehemu ya mkondo unaorudi, na mkondo huo anautoa kwenye hesabu. Akiwa milimita 2.4, karibu nusu ya mkondo wa kurudi umo ndani ya njia yake. Bila ganda angepata mikrotesla 16.7, sasa anapata kama 8.5.

Nje ya ganda, amezunguka ampea 0.2 zinazopanda na ampea 0.2 zinazoshuka. Jumla ni sifuri. Na kwa kuwa umbo ni duara kamili na uga hauna upande unaoupendelea, njia pekee ya kupata jumla ya sifuri ni uga kuwa sifuri kila mahali kwenye duara hilo. Mshale wa dira unatulia.

Hapa kuna kosa la kawaida. Mtu huutazama ule wavu na kusema, "Umezuia sumaku isitoke." Haukuzuia kitu. Foili ya alumini na nyuzi za shaba hazisimamishi uga wa mkondo wa moja kwa moja, kama vile sufuria ya alumini isivyozuia sumaku kuvuta msumari uliowekwa ndani yake. Ganda limefanya kazi kwa sababu limebeba mkondo wa kurudi. Ndani ya povu halichangii chochote. Nje linachangia kinyume kamili cha kiini. Ukilikata ganda, mkondo ukarudi kwa njia nyingine, uga wa nje unarudi kana kwamba ganda halikuwepo: kwenye milimita 10 kutoka katikati, mikrotesla 4.

Sifuri isiyo sifuri

Turudi sasa kwa kijana na birika lake. Klampu mita ilisoma sifuri, na sheria ilikuwa imetimia: ampea 10 za kwenda, ampea 10 za kurudi. Je, tuseme uga kuzunguka waya wa birika nao ni sifuri?

Tupime. Ndani ya waya ule, nyaya mbili zimelala sambamba, tuseme milimita 4 kutoka katikati ya mmoja hadi katikati ya mwingine. Simama kwenye mstari unaozipitia zote mbili, milimita 10 kutoka ule ulio karibu. Waya wa karibu unakupa 200 × 10 ÷ 10, sawa na mikrotesla 200. Wa mbali, ulio milimita 14, unakupa takriban 143 kwa upande wa kinyume. Tofauti yake ni mikrotesla 57, uga mkali kuliko wa dunia, mahali ambapo mita inadai hakuna kitu. Kwa kuwa umeme wa nyumbani hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, dira haiwezi kuufuata, lakini uga upo.

Sisimizi anayezunguka nyaya hizo mbili hupata msukumo mgongoni upande mmoja na upinzani usoni upande mwingine. Daftari lake linafunga na sifuri kama la mfanyabiashara aliyepata laki asubuhi na kupoteza laki jioni. Jumla ni sifuri, ila siku haikuwa tulivu.

Tofauti ya sifuri zetu mbili ni hiyo. Kwenye waya wa birika ni sifuri ya jumla peke yake. Kwenye waya wa dishi ni sifuri ya jumla pamoja na ya kila mahali. Kinachozitenganisha ni umbo, wala si kiasi cha mkondo. Waya wa dishi nao ukipondwa kwa nyundo au kukunjwa kwa nguvu hadi kiini kikahama kutoka katikati, klampu mita itaendelea kusoma sifuri, lakini uga kidogo utavuja nje, kwa sababu usawa wa duara umevunjika.

Mahali hesabu inapokwama

Namba za ndani ya kiini zilisimama juu ya dhana mbili: kwamba kiini ni shaba tupu, na kwamba mkondo umesambaa sawasawa. Waya nyingi za dishi za bei nafuu zina kiini cha chuma cha kawaida kilichopakwa shaba nje. Njia ya kujua ni rahisi: menya ncha ya waya, sogeza sumaku ya spika ya zamani, kiini kikivutwa, ndani ni chuma. Hapo mkondo mwingi hupita kwenye shaba ya juu, na chuma chenyewe hukuza uga uliomo ndani yake. Kanuni yetu ya mstari ulionyooka haifai tena ndani ya kiini hicho. Lakini kwenye povu na nje ya ganda hakibadiliki kitu, kwa kuwa huko sisimizi anauliza jumla ya mkondo tu, haulizi umesambaaje.

Ndivyo ilivyo pia kwa mawimbi ya picha yanayoshuka kutoka dishini. Haya hubadilika zaidi ya mara milioni elfu moja kwa sekunde, na kwa kasi hiyo mkondo haupenyi ndani ya shaba. Hubaki kwenye ngozi yake, kina cha kama sehemu mbili za elfu ya milimita. Ndani ya kiini uga wa mawimbi hayo karibu haupo. Ndiyo maana kiini cha chuma kilichopakwa shaba hupitisha picha vizuri, ingawa hupata shida zaidi kupitisha umeme wa kulisha kichwa cha dishi kwenye waya mrefu.

Na kuna nyumba ambako nyaya mbili za dishi hupanda kwenye kichwa kimoja. Konekta ya waya wa kwanza ikifungwa vibaya, wavu usiguse vizuri, mkondo wa kurudi hutafuta ganda la waya wa pili. Tuseme kati ya ampea 0.2 zilizopanda, 0.05 tu zimerudi kwa ganda lake, na 0.15 zimepita kwa jirani. Sisimizi anayeuzunguka waya wa kwanza sasa anapata ampea 0.15, na kwenye milimita 10 uga ni mikrotesla 3, moja ya kumi na moja ya uga wa dunia.

Kiasi hicho kinaonekana. Tenganisha nyaya hizo mbili, chagua mahali palipo mbali na nguzo na mabati, ulaze waya wa kwanza kuelekea kaskazini, weka dira juu yake, kisha mwambie mtu azime king'amuzi na kukiwasha. Waya ulio mzima hautaugusa mshale. Ulio na kasoro utausogeza nyuzi chache, kwa kuwa ganda lake limeacha kurudisha kile ambacho kiini kimepeleka.